Dira ndogo za maji kwenye nyumba ya wapangaji: pa kuziweka, koki ya kufungia na namna ya kuzisoma

Nyumba nyingi za kupangisha hapa Mtwara zina dira moja tu ya maji, ile ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, iliyoko karibu na geti. Nyuma yake wanaishi wapangaji watatu au wanne, mara nyingi pamoja na mwenye nyumba mwenyewe. Ankara inakuja moja. Mwenye familia kubwa anataka igawanywe kwa vyumba, anayeishi peke yake anataka igawanywe kwa vichwa, na anayefulia watu nguo analaumiwa na wote. Dira ndogo kwa kila mpangaji inamaliza mabishano haya, ila kwa sharti moja: iwe imekaa mahali ambapo inaweza kupima kweli. Nimeziona dira nzuri, za bei, zikitoa hesabu ya uongo kwa sababu tu ya ukuta zilikofungwa.

Mwongozo huu ni wa dira hizo ndogo, zinazofungwa baada ya tanki. Dira ya mamlaka ni mali ya mamlaka na ina lakiri. Ukiona imekwama, inavuja au unaitilia shaka, toa taarifa ofisini kwao waje wenyewe. Usiifungue, usiihamishe, na usichukue maji kwenye bomba lililo kabla yake hata kwa siku moja.

Fuatilia bomba kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi uchore maji yanakotoka na yanakokwenda. Katika nyumba za hapa mpangilio wa kawaida ni huu: maji ya mgawo yanapita dira ya getini, yanapanda kwenye simtanki iliyo juu ya mnara, halafu bomba moja nene linashuka na kugawanyika kwenda kwenye kila upande. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba bomba la kila mpangaji ni lake peke yake kuanzia pale unapotaka kuweka dira.

Usiamini maneno katika hili. Funga njia moja, kisha zunguka ufungue kila koki, kila bafu na kila choo, uandike kipi kimekauka na kipi bado kinatoa. Hapo ndipo utakapogundua kwamba choo cha mpangaji wa pili kimeungwa kwenye bomba la wa kwanza, au kwamba koki ya uani imetolewa kwenye bomba la jikoni kwa mtu. Mambo ya namna hiyo yakibaki, dira itamtoza mtu maji ya jirani yake, na hakuna usomaji utakaoyarekebisha. Yatenganishe kwanza.

Koki ya uani, ile inayotumiwa na wote, iamulie mapema. Ama nayo iwekewe dira yake, ama mkubaliane kwamba maji yake yatagawanywa sawasawa.

Nafasi ya dira

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote.

Dira ya maji ya kawaida ya majumbani ina kipanga ndani yake ambacho maji yanakizungusha. Kipanga hakijui kama kinazungushwa na maji au na hewa. Tanki likikauka, bomba linajaa hewa. Maji yakirudi, hewa ile inasukumwa mbele kwa kasi na mshale unazunguka huku koki inapiga mluzi tu. Kwa hiyo dira isikae sehemu ya juu ya njia ya bomba, ambako hewa hukusanyika. Ikae chini, mahali ambapo maji hayaishi ndani yake hata tanki likiwa tupu. Hilo ni rahisi kulipata: bomba linaposhuka kutoka mnarani, lilaze karibu na ardhi, weka dira kwenye kipande hicho kilicholala, kisha lipandishe tena kidogo kuelekea chumbani. Kipande cha chini kitabaki kimejaa muda wote.

Wapo mafundi wanaofunga dira zote juu kabisa, pale tanki linapotokea, kwa sababu mabomba yanakuwa yamekusanyika na kazi inakwisha upesi. Hapo ni pabaya kwa sababu mbili. Hewa inapita kila tanki likikauka, na kila mwezi mtu atapanda ngazi kusoma, hadi siku ataacha na kuanza kukisia.

Jambo la pili ni ulalo. Kwenye uso wa dira kuna maandishi madogo kama R80-H na R40-V. Herufi H ni bomba lililolala na uso wa dira ukitazama juu. V ni bomba lililosimama. Namba inaonyesha dira inaweza kushika mtiririko mdogo kiasi gani, na ikiwa kubwa ndiyo bora. Dira ya nusu inchi ambayo Q3 yake ni 2.5, yaani imekusudiwa mtiririko wa hadi lita 2,500 kwa saa, ikiwa R80 inapima kwa uhakika kuanzia takriban lita 31 kwa saa, kama nusu lita kwa dakika. Dira hiyo hiyo ukiifunga kwenye bomba lililosimama inashuka hadi R40, na uhakika wake unaanzia kwenye lita 62 hivi kwa saa. Choo kinachovuja mchirizi mwembamba kitapita bila kuonekana. Lita 10 kwa saa, ambazo ni mchirizi tu, zinafika uniti 7 kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Kwa hiyo laza bomba, uso utazame juu, na usiuinamishe pembeni ili usomeke kirahisi. Afadhali msomaji ainame.

Tatu, mpe maji nafasi ya kutulia kabla hayajaingia kwenye dira. Maji yanayotoka kwenye elbo yanakuja yakijisokota. Dira nyingi za sasa zimeandikwa U0 D0, maana yake hazidai bomba la kunyooka mbele wala nyuma. Kama maandishi hayo hayapo, acha kipande kilichonyooka chenye urefu wa mara kumi ya kipenyo kabla ya dira, na mara tano baada yake. Kwa dira ya nusu inchi, yaani milimita 15, ni sentimita 15 kabla na sentimita 7 na nusu baada. Mimi hufanya hivyo hata kwa zenye U0 D0 pale ukuta unaporuhusu, kwani hakuna gharama yoyote.

Yanayobaki ni ya hapa kwetu. Jua letu linaufanya uso wa plastiki kuwa wa njano hadi namba hazionekani, kwa hiyo tafuta ukuta usiopigwa jua la mchana, na kifuniko cha dira kifungwe kila baada ya kusoma. Ukiiweka kwenye kisanduku chini ya ardhi, kumbuka mvua zetu za kuanzia Desemba hadi Aprili: kisanduku kisicho na tundu la kupitishia maji kitajaa tope, na hutaisoma dira hadi mvua ziishe. Kwa nyumba ya wapangaji napendelea ukutani, kimo cha goti, sentimita kumi hivi kutoka kwenye ukuta ili spana ipate kuzunguka. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo vifaa viwe vya shaba ya njano au plastiki ngumu. Nati za chuma zitashikana kwa kutu.

Koki ya kufungia

Kila dira inahitaji koki yake kabla ya dira, kwa upande maji yanakotokea. Bila hiyo, siku dira inavuja au washa, ile pete ya kuzibia kiungio, imekufa, utalazimika kulikausha tanki zima na kuwanyima maji watu wote. Ukiweka na ya pili baada ya dira ni vizuri zaidi, kwa sababu ukiitoa dira maji yaliyomo kwenye mabomba ya chumbani hayatakumwagikia. Fedha ikibana, ya kwanza ndiyo isiyoachwa.

Chagua bol valvu, ile yenye mkono unaogeuka robo mzunguko, na iwe ya tundu kamili: ukiifungua na kuchungulia, tundu liwe pana sawa na bomba. Madukani zipo zinazofanana nazo kwa nje ilhali tundu la ndani ni dogo. Zinakula presha, na maji ya tanki hayana presha ya kupoteza. Tanki lililo mita tatu juu linatoa baa 0.3 tu. Geti valvu, ile ya gurudumu, siipendi kwa kazi hii. Ikikaa miezi bila kuguswa inaganda, na siku ukiilazimisha kibao cha ndani kinakatika na kubaki katikati ya njia.

Koki hii ni ya kufunga au kufungua, basi. Usiifungue nusu ili kumpunguzia mtu maji: maji yanayobanwa hapo yanaingia kwenye dira kwa fujo na kuvuruga kipimo. Izungushe kufunga na kufungua mara moja kila unapokuja kusoma dira, ili isishikane. Pia mpangaji mwenyewe aweze kuifikia bila kuomba ufunguo, maana bomba likipasuka usiku yeye ndiye atakayekuwa karibu.

Kama mpangaji ana tanki lake dogo au mpira unaozama kwenye pipa, ongeza baada ya dira valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo mafundi huiita nonriteni. Maji yakirudi nyuma, dira nyingi huzunguka kinyume na kufuta yaliyokwisha kupimwa. Chagua ya kibao chepesi na uilaze. Zile za springi zinahitaji msukumo ambao tanki la juu huenda lisiwe nao.

Kufunga, hatua kwa hatua

Nunua dira pamoja na nati zake mbili, vipande viwili vya kuunganishia na washa mbili. Dira ya nusu inchi ina nyuzi za robo tatu mwilini, na vile vipande vya kuunganishia ndivyo vinavyoishia nusu inchi, kwa hiyo usishangae nati ikikataa kuingia kwenye bomba. Pima urefu wa mwili wake. Milimita 165 ni ya kawaida, lakini zipo fupi za 110 na 115, na huwezi kuzibadilishana bila kukata bomba.

Funga maji ya tanki, fungua koki za chini ili bomba limwagike, kisha kata pale ulipopatia alama. Usikate kwa kukisia. Panga juu ya sakafu bol valvu, kipande kilichonyooka, dira na vipande vyake, kwa mpangilio ule ule vitakavyokaa, halafu upime jumla.

Kama bomba ni la plastiki ya PPR, maliza kuchomelea kila kitu kabla dira haijasogea karibu. Mashine ya kuchomelea inafika nyuzijoto 260, na joto hilo likisafiri hadi kwenye dira litapinda plastiki ya ndani. Badala ya dira, funga kipande cha bomba chenye urefu sawa nayo. Kipande hicho kinakusaidia mara mbili: kinashika nafasi ili nati zije kunyooka, na kinakuwezesha kuosha njia.

Kuosha njia ni hatua ambayo wengi huiruka. Kipande kikiwa mahali pa dira, fungua koki ya mbali zaidi ya mpangaji, kinga ndoo nyeupe, halafu fungua bol valvu kabisa kwa dakika mbili tatu. Tazama kilichotua chini ya ndoo: mchanga, vijinyuzi vya PPR vilivyokatwa na msumeno, vipande vya tepu nyeupe, pengine magamba ya kutu ya bomba la zamani. Vyote hivyo vingeingia kwenye kichujio cha dira siku ya kwanza, na mpangaji angelalamika kwamba dira inabana maji. Rudia hadi ndoo itoke safi.

Sasa funga bol valvu, toa kipande, weka dira. Mwilini kuna mshale. Uelekee chumbani kwa mpangaji. Washa moja kila upande, zikae tambarare bila kujikunja. Kwenye nyuzi za nati hizi usizungushe tepu: anayezuia maji hapa ni washa, na tepu inafanya nati ionekane imebana kumbe haijaikandamiza. Tepu ni ya upande wa pili tu, pale kipande cha kuunganishia kinapoingia kwenye bomba au kwenye koki. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, halafu robo mzunguko kwa spana, ukiushika mwili wa shaba kwa mkono mwingine. Usishike kichwa chenye kioo.

Bana bomba ukutani kwa klipu pande zote mbili za dira. Dira isibebe uzito wa bomba wala isitumike kulivuta bomba lililokatwa fupi. Ukiona unalazimisha, rudi ukarekebishe urefu.

Kufungulia maji kuna adabu yake. Acha koki moja ya chumbani wazi, kisha fungua bol valvu kidogo kidogo. Hewa itatoka kwa kukohoa, na mshale wa dira utajongea. Maji yakishatoka mfululizo bila kukatika, ndipo ufungue bol valvu yote. Ukiifungua kwa ghafla, hewa inazungusha kipanga kwa kasi isiyo yake. Mwisho, futa viungio kwa kitambaa kikavu, subiri robo saa, pitisha karatasi ya chooni chini ya kila nati. Tone dogo ambalo jicho halilioni litaonekana kwenye karatasi.

Kusoma uso wa dira

Dira nyingi za hapa zina namba tano nyeusi dirishani na mishale midogo minne myekundu. Namba nyeusi ni mita za ujazo, ambazo ndizo uniti zinazoandikwa kwenye ankara. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Mishale myekundu ni sehemu za uniti. Ule ulioandikwa ×0.1 kila namba yake ni lita 100, ×0.01 ni lita 10, ×0.001 ni lita moja, na ×0.0001 ni sehemu ya kumi ya lita, yaani ukizunguka mara moja imepita lita moja. Katikati kuna nyota ndogo inayozunguka maji yakipita kidogo tu.

Dira nyingine hazina mishale. Zina namba nyekundu tatu zinazofuata zile nyeusi. Ni kitu kile kile, nyekundu tatu ni lita. Kosa la kawaida ni kuzisoma zote kwa pamoja, ambapo uniti 147 na lita 962 zinageuka kuwa uniti 147,962.

Kanuni ya mshale ni kuchukua namba uliyokwisha kuipita, si ile uliyoikaribia. Chukua mfano. Dirishani inaonekana 0014 na namba ya mwisho iko kati ya 7 na 8, nusu ya 8 imeshachungulia. Mshale wa ×0.1 uko kati ya 9 na 0. Wa ×0.01 umepita 6 kidogo. Wa ×0.001 uko kati ya 2 na 3. Wa ×0.0001 uko kwenye 5. Usomaji ni 147.9625. Msomaji mwenye haraka ataandika 148.9 kwa sababu 8 inaonekana, na kwa mwezi huo mpangaji atalipia karibu uniti nzima ambayo bado haijapita.

Mshale unaogusa namba barabara ndio unaochanganya. Tuseme wa ×0.01 unaonekana juu ya 4 kabisa. Ni 4 au bado 3? Jibu linatoka kwa mdogo wake. Kama ×0.001 uko kwenye 8 au 9, bado haujamaliza mzunguko, kwa hiyo andika 3. Kama uko kwenye 0 au 1, umeshaanza mzunguko mpya, andika 4. Simama mbele ya uso, utazame kutoka juu moja kwa moja, maana ukitazama kwa pembeni mshale unahama.

Kwa kugawana ankara namba nyeusi na mishale mitatu ya kwanza inatosha. Piga picha kwa simu kila unaposoma, na namba ya dira ionekane kwenye picha hiyo, kwa kuwa dira nne zilizopangana ukutani ni rahisi kuzichanganya.

Siku ya kwanza ihakiki. Pima madumu matano kwenye mizani ya duka, kila moja lijazwe maji ya kilo 20 mbali na uzito wa dumu lenyewe, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja na dumu lililojazwa hadi mdomoni huzidi lita 20. Soma dira kabla na baada, koki ikiwa wazi kwa kawaida. Kwa mtiririko huo dira nzima inaruhusiwa kupotoka asilimia 2, kwa hiyo kwa lita 100 tegemea kati ya 98 na 102. Ikitoka 85 au 120, rudi kwenye ulalo, kichujio na hewa kabla hujailaumu dira.

Mwezi mmoja wa hesabu, nyumba ya Magomeni

Nyumba hii ina wapangaji watatu na mwenye nyumba, ambaye ni mama mtu mzima anayetunza daftari kwa makini. Tanki ni la lita 2,000. Dira nne ndogo zilifungwa ukuta wa nyuma, na koki ya uani ikabaki bila dira kwa makubaliano ya wote.

Mwisho wa mwezi dira ya getini ilikuwa imepitisha uniti 38.2. Wapangaji: wa kwanza 9.412, wa pili 12.083, wa tatu 5.930. Mwenye nyumba 7.655. Jumla ya dira ndogo ni 35.080, na pengo ni 3.12.

Kabla ya kutafuta mvujo, jiulize tanki lilikuwaje siku za kusoma. Kama mwezi ulianza tanki likiwa tupu na ukaisha likiwa limejaa, uniti 2 zimo ndani ya tanki tu, zimepita getini lakini hazijafika kwa wapangaji. Ndiyo maana dira zote zisomwe siku moja, na tanki liwe limejaa mwanzo na mwisho. Kwa nyumba hii lilikuwa limejaa mara zote mbili, hivyo pengo lilikuwa la kweli: kama lita 104 kwa siku. Koki ya uani peke yake isingefika huko, kwani wapangaji wote wanafulia bafuni kwao.

“Basi fundi, nani kaniibia?” mama aliuliza.

“Tusubiri maji ya mgawo yaje, mama, tuangalie tanki likishajaa.”

Jaribio lenyewe ni jepesi. Maji ya mgawo yakiwepo na tanki limejaa, funga koki inayotoka kwenye tanki ili kusiwe na mtumiaji yeyote, kisha tazama nyota kwenye dira ya getini. Inapaswa kusimama kabisa. Ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea kati ya geti na tanki, na hapo sehemu za kutazama ni mbili: bomba la chini ya ardhi, na boya la tanki. Hapa nyota ilizunguka polepole. Boya lilikuwa halifungi vizuri, na maji yalikuwa yakitoka kwa bomba la kufurikia lililoelekezwa nyuma ya ukuta. Udongo wetu wa kichanga uliyameza bila kuacha hata dimbwi. Kilichoonekana ni majani mabichi tu mahali pamoja. Washa ya boya ilibadilishwa, na bomba la kufurikia likageuzwa limwagikie mbele ya mlango wa jikoni ili mvujo ukirudi uonekane siku hiyo hiyo.

Katika fedha, tuseme uniti ni shilingi 2,000 ili hesabu ifuatike. Bei yako chukua kwenye ankara. Wa kwanza 18,824, wa pili 24,166, wa tatu 11,860, mwenye nyumba 15,310. Jumla ni 70,160, na ankara ni 76,400. Zinabaki 6,240 za lile pengo. Ukizigawa kwa nne ni 1,560 kila mmoja, lakini naona si haki: maji yale yalipotea kabla hayajafika kwenye dira ya mpangaji yeyote, kwenye boya ambalo ni la mwenye nyumba kulitunza. Mama alikubali kuzilipa mwenyewe, na mkubaliano ukaandikwa daftarini kwamba pengo lolote la kabla ya dira ndogo ni lake, isipokuwa maji ya koki ya uani.

Matunzo ni machache. Kila tanki linapooshwa, tope la chini huamka na kushuka kwenye mabomba. Siku hiyo funga bol valvu za wapangaji wote kabla ya kuanza, mwaga maji ya kwanza kupitia koki ya uani hadi yawe safi, ndipo ufungulie. Mpangaji mmoja akilalamika kwamba maji yake yamepungua ilhali wenzake wako sawa, funga bol valvu yake, legeza nati ya upande maji yanakoingilia, na uchomoe kichujio kidogo cha plastiki kilichomo mdomoni mwa dira. Kisugue kwa mswaki wa zamani, kirudishe, weka washa mpya badala ya ile iliyokwisha kukandamizwa, na uanze tena kufungulia maji kidogo kidogo.